Mama ametoka wodini na 86: tununue mashine ya oksijeni ama tungoje?

"Daktari shikamoo. Mama yangu ana miaka 66, tuko Kasese. Amepika kwa kuni maisha yake yote na zamani aliugua TB akapona. Amelazwa wiki 2 kwa mapafu, kwenye fomu wameandika COPD. Siku ya kutoka kale kamashine ka kidoleni kalisoma 86, tukaambiwa tununue mashine ya oksijeni, bei milioni 3 na laki 8. Jirani anasema akizoea oksijeni mapafu yatalala, hataweza kuacha. Kaka yangu anataka tukodi mtungi awe anavuta akizidiwa tu. Tufanye nini?"

Marahaba, na poleni kwa kuuguza. Nikupe jibu kwanza alafu nieleze: msinunue wiki hii, na huo mtungi wa kaka yako uacheni. Mpimeni mama tena akiwa nyumbani ametulia, akiwa bado yuko 88 ama chini tafuteni mashine ya kukodi ama ya kuazima kwa miezi 2, na uamuzi wa kutoa milioni 3 na laki 8 ungoje mpaka wiki ya 8 tangu alipotoka wodini. Sababu zake ni ndefu kidogo, vumilia.

Siku ya kutoka wodini ni siku mbaya sana ya kuamua oksijeni ya miaka. Mapafu bado yamevimba ndani, makohozi bado mazito, mtu hajala vizuri wiki 2, hajalala. Hiyo 86, yaani asilimia ya oksijeni kwenye damu, ni ya kweli, siipingi, lakini ni ya siku hiyo. Wagonjwa si wachache ambao wiki 6 ama 8 baadaye wanarudi na 91, 92 bila kuvuta chochote, wametumia tu inhela zao vizuri na muda umepita. Hili nalijua kwa kukosea mwenyewe. Miaka ya nyuma nilimwandikia mzee mmoja, dereva wa malori aliyestaafu, oksijeni ya nyumbani siku ile ile anatoka, akiwa na 85, watoto wake wakauza ng'ombe 2 wakanunua mashine. Alivyorudi baada ya miezi 3 nikamtoa mipira puani, nikamwacha akae nusu saa, akasoma 93. Hakuwa anahitaji. Ng'ombe walishaenda.

Sasa mpimeni hivi, manake hiyo namba ikikosewa kila kitu kinakosewa. Kamashine ka kidoleni kanunueni kenu, bei yake haifikii hata robo ya robo ya hiyo mashine kubwa. Mama akae kwenye kiti dakika 10 bila kuongea, kama alikuwa kwenye oksijeni aitoe kwanza nusu saa. Mikono iwe ya moto, asubuhi ya baridi msugueni vidole, vidole baridi vinadanganya. Kucha zisiwe na rangi, na piko nyeusi pia iko kwenye kundi hilo, nimewahi kuletewa mama aliyetoka harusini anasoma 79 huku anacheka na kupiga hadithi, nikahamisha kifaa kwenye ndewe ya sikio kikasoma 95, vidole vyote kumi vilikuwa vimepakwa piko. Kikishaingia kidoleni usichukue namba ya kwanza, ngoja dakika nzima mpaka itulie. Kwenye skrini kuna namba 2, inayoandikwa SpO2 ndo ya oksijeni, ile nyingine ni mapigo ya moyo, na watu wanazichanganya kila siku. Andikeni kwenye daftari asubuhi na jioni, siku 7. Msimkimbize mama hospitali kwa sababu ya namba moja iliyoruka.

Jambo moja lingine kuhusu hivyo vifaa ambalo wauzaji hawasemi: kwa ngozi nyeusi mara nyingine vinasoma juu kuliko ukweli. Kwa hiyo mama akiwa anasoma 89, 90 na miguu imevimba, msiseme amepona, hapo ndo anahitaji kipimo chenyewe cha damu inayochomwa kwenye mshipa wa ateri pale kwenye kifundo cha mkono. Hicho kipimo hakipo kila mahali, ulizeni hospitali ya rufaa Fort Portal, na wakikosa basi Kampala, Mulago ama Kiruddu. Na pia moshi: mtu aliyetoka kukaa jikoni kwenye moshi wa sigiri damu yake imebeba gesi ya mkaa, na kamashine ka kidoleni kanaihesabu kama oksijeni, kanatoa namba nzuri ya uongo. Mpimeni kabla hajaingia jikoni.

Kwa nini tunashikilia 88 na si namba nyingine? Wewe ni mtu wa Kasese, mlima unauona ukifungua dirisha. Chukulia oksijeni ya damu ni mtu anatembea juu ya mlima wenye kichwa bapa. Kutoka 100 mpaka kama 90 anatembea tambarare, akipoteza kidogo haoni tofauti kubwa. Akipita 90 kushuka chini anafika ukingoni, hatua ndogo tu anaporomoka sana. Ndo maana kipimo chetu ni hiki: akiwa ametulia, hana ugonjwa mpya, anavuta hewa ya kawaida, amepimwa zaidi ya mara moja kwa tofauti ya wiki 3 hivi na bado ni 88 ama chini, huyo anafuzu. Kwenye kile kipimo cha damu namba inayolingana ni 55 ama chini. Akiwa 89 hatupi oksijeni hivi hivi tu, mpaka kuwe na dalili kwamba moyo umeshaanza kuchoka, yaani miguu kuvimba, ama damu imekuwa nzito kupita kiasi kwenye kipimo cha maabara. Juu ya hapo, hapana. Na hili la hapana halikutoka hewani, Marekani walichukua watu 738 wenye mapafu sugu ambao walikuwa 89 mpaka 93 wakiwa wamekaa, ama wanaoshuka wakitembea, nusu wakapewa oksijeni nusu hawakupewa, majibu yakatoka 2016: hakuna tofauti ya kufa wala ya kulazwa. Kwa hiyo mama akifika wiki ya 8 yuko 91, msinunue, hata kama muuzaji amepunguza bei.

(Mtu wa Kabale akisoma hapa ajue kwamba kule karibu mita 2,000 juu hata mzima anasoma chini kidogo kuliko wa Kasese mjini. Nyinyi mko kama mita 1,000, hamna kisingizio cha mlima.)

Turudi kwa kaka yako na mtungi. Wazo lake linatoka mahali pazuri, anaona mama anahema anataka ampe hewa. Lakini kuhema na kukosa oksijeni ni vitu 2 tofauti na hapa ndo watu wengi wanapotea. Kwa ugonjwa wa mama mirija ya mapafu imekuwa myembamba, hewa inaingia lakini kutoka ni shida, inabaki imejaa ndani, kifua kimetuna kama mpira uliojazwa kupita kiasi, na misuli inachoka kusukuma. Ule uchovu wa misuli ndo kuhema. Unaweza kumkuta mtu anahema kama amekimbizwa na SpO2 iko 94, na mwingine amekaa kimya anakunywa chai yuko 83. Wa kwanza oksijeni haimsaidii, wa pili anaihitaji na wala hajui. Kwa hiyo ukisubiri mama azidiwe ndo umpe, unampa saa ambazo si zenyewe. Akihema akae ainame mbele kidogo mikono juu ya magoti, atoe pumzi polepole midomo ikiwa kama ya mtu anapuliza chai ya moto, mpepee usoni na kipepeo ama mkamweke karibu na dirisha, alafu inhela. Inhela yenyewe muombeni musawo awaonyeshe kuitumia na chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa chini, manake wengi wanapuliza dawa yote inabaki mdomoni.

Alafu hesabu ya mtungi. Ule mkubwa kabisa unaobebwa na watu wawili una kama lita 6,800. Kwa lita 2 kwa dakika, hizo ni dakika 3,400, yaani saa 56 na kitu. Mama akitumia saa 15 kwa siku haufiki siku 4. Kila siku ya 4 mnatafuta gari la kupeleka mtungi kujazwa, mnalipa gesi, mnalipa usafiri, na njiani mtungi unabingirika. Mashine haijazwi, inavuta hewa ya hapo chumbani, inaipitisha kwenye chembe chembe zinazoshika naitrojeni, inabakisha oksijeni ya asilimia 90 na zaidi. Kama ni oksijeni ya kila siku, ni mashine. Mtungi mdogo uwe wa akiba umeme ukikatika, basi.

Jirani naye. Mapafu hayalali. Hewa unayovuta hapo ulipo ina oksijeni asilimia 21, umeivuta tangu uzaliwe na hakuna aliyekuambia umeizoea. Mama akitoa mipira atarudi pale alipokuwa kabla ya kuiweka, si chini zaidi kwa sababu ya mazoea. Kinachofanya watu wasiweze kuacha ni kwamba ugonjwa wenyewe haujaondoka, mguu uliovunjika hauna mazoea na gongo, una uhitaji. Na wengine kama yule dereva wangu wanaacha kabisa.

Sasa kama hairekebishi kuhema, oksijeni inafanya nini? Hapa nataka unifuate taratibu. Damu kwenye mapafu ichukulie kama teksi zinazoenda steji kupakia abiria, abiria ndo oksijeni. Mapafu yana akili: steji isiyo na abiria wanafunga barabara yake, damu isiende bure. Ikiwa kona moja tu ya pafu ni mbovu, hiyo ni akili nzuri. Lakini mapafu yote yakiwa na oksijeni kidogo barabara zinafungwa kila upande, na moyo wa kulia ambao kazi yake ni kusukuma damu huko unakuta mabomba yote yamebana. Unasukuma kwa nguvu miezi, miaka, unatanuka, unachoka, maji yanarudi nyuma, miguu inavimba. Mwili nao kwa kutafuta oksijeni unatengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi, damu inakuwa kama uji, moyo unasukuma uji. Ukimpa mtu huyu oksijeni barabara zinafunguka, moyo unapata nafuu. Lakini zinafunguka polepole na ukitoa zinafunga tena, ndo maana dakika 20 za kuvuta kwenye mtungi hazibadilishi kitu.

Ushahidi wake ni wa zamani na ni mdogo, nakuambia ukweli, ila hakuna aliyeupindua. Uingereza majibu ya 1981: watu 45 bila oksijeni, baada ya miaka 5 walikuwa wamekufa 30, na watu 42 waliovuta angalau saa 15 kwa siku walikufa 19. Marekani mwaka mmoja kabla ya hapo walilinganisha wanaovuta usiku tu, kama saa 12, na wanaovuta karibu muda wote, wa usiku tu walikufa karibu mara mbili ya wenzao. Unaona hapo kinachohesabiwa ni masaa. Lakini pia si lazima afungwe kwenye mashine kama mbuzi kwenye kamba: Sweden walilinganisha saa 24 na saa 15 kwa watu 241, wakatoa majibu 2024, hakuna aliyefaidika kwa kuongeza. Kwa hiyo 15 zinatosha. Hao wote wengi wao walikuwa na mapafu ya sigara, mama ni kuni na TB, tunachukua kanuni ile ile kwa sababu moyo unaumia kwa njia ile ile, ila nisikudanganye kwamba kuna utafiti mkubwa wa watu kama yeye.

Saa 15 zinaingia kwenye siku ya kawaida kirahisi kuliko mnavyofikiri. Saa 3 usiku mpaka saa 12 asubuhi amelala nayo, hizo ni 9, na usiku ndo muhimu manake tukilala oksijeni inashuka zaidi. Mchana akishakula, saa 8 mpaka saa 11, tatu nyingine. Jioni saa 12 mpaka saa 3 anasikiliza redio, tatu. Zimetimia, na asubuhi yote ni yake, aende sokoni, aende kanisani ama msikitini, amwagilie mboga.

Kiwango. Wanaanza lita 1 kwa dakika, wanangoja nusu saa, wanapima, ikiwa bado chini wanaongeza mpaka afike kama 90 mpaka 92. Wengi wanaishia lita 1 ama 2. Hapa ndo nawaomba sana: msipandishe ili mpate namba nzuri. Najua itakuja siku mama anahema usiku, mtoto mwenye huruma atazungusha kile kidude mpaka lita 5, atasoma 98, watashukuru Mungu, na asubuhi mama haamki vizuri. Rudi kwenye steji zetu. Oksijeni ikiwa nyingi kupita kiasi barabara zote zinafunguka, hata za steji ambazo hewa haizunguki, damu inaenda huko na hewa chafu yake haina pa kushukia, inarudi nayo. Pia damu yenyewe ikijaa oksijeni inaachia hewa chafu zaidi. Ikijikusanya inaleta kichwa kuuma asubuhi, usingizi wa mchana usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, mikono kutikisika ukimwambia aikunjue mbele. Si wagonjwa wote wanapata hili ila wenye ugonjwa wa mama ndo wenye hatari, kwa hiyo lengo lake likae 88 mpaka 92, na kile kidude mkitie alama kwa plasta na kalamu pale daktari aliposema. Mkiona hizo dalili msizime mashine ghafla, hewa chafu ikiwa imejaa hivyo akizimiwa anaporomoka chini kuliko mwanzo, irudisheni kwenye alama na mwende hospitali hapo hapo.

Moto sasa. Oksijeni yenyewe haiwaki wala hailipuki, inachofanya ni kwamba kitu kinachowaka polepole kinawaka kama petroli. Na inalowa kwenye nguo, kwenye blanketi, kwenye nywele, huioni na huinusi. Mtu anatoa mipira anaiweka kitandani mashine inaendelea kupuliza, blanketi limekunywa oksijeni nusu saa, anakuja mtu na tadoba kutafuta kandambili. Hiyo ndo ajali. Mita 3 kutoka kwa mashine na kwa mama kusiwe na tadoba, mshumaa, sigiri, sigara, wala chetezo cha ubani, na kwa ubani hata bila moto wake ule moshi tu haumfai. Akitaka kwenda karibu na jiko atoe mipira, azime mashine, akae nje nusu saa nguo zipate hewa. Kama kuna mtu anavuta sigara ndani ya nyumba, ama mama mwenyewe ana kiko chake cha siri (wamama wengine wanacho, uliza kwa upole), hiyo iishe kabla mashine haijaingia mlangoni, mimi mwenyewe simwandikii anayevuta, uso ukiungua na mipira ikayeyukia puani ni kitu hutaki kukiona. Na vaselini puani hapana, mafuta na oksijeni havipatani, pua ikikauka tumieni jeli ya maji ya duka la dawa.

Chupa ya maji inayokuja na mashine, kwa lita 1 ama 2 hata haihitajiki sana, na isipooshwa kila siku inakuwa kisima cha vijidudu. Mimi naitoa. Kichujio cha nyuma, kile kama sifongo, kioshwe kila wiki kwa sabuni kikauke, vumbi la Kasese mnalijua. Mashine ikae mbali na ukuta na pazia, inahitaji kuvuta hewa.

Umeme. Mashine ya lita 5 inakula kama wati 350. Saa 15 ni uniti 5 na robo kwa siku, mwezi mzima uniti 157, ukipiga kwa shilingi 750 kwa uniti ni laki 1 na elfu 18 kila mwezi kwenye Yaka. Kaeni kama familia muulizane nani analipa hiyo, mwezi wa 7 pia, kabla ya kuulizana nani anatoa milioni 3. Nimeona mashine nzuri zimekaa kimya kwa sababu Yaka imeisha. Sola ndogo ya taa na kuchajia simu haitaiwasha, na jenereta ikae nje kabisa, si kwenye veranda. Umeme ukikatika mama akae chini atulie, saa chache hazimuui, ukikatika siku nzima na akishuka chini ya 85 nenda kituo cha afya chenye oksijeni. Mkinunua iliyokwisha tumika, muuzaji awe na kifaa cha kupima usafi wa oksijeni inayotoka, chini ya asilimia 82 mashine imechoka. Kutumbukiza mipira kwenye glasi na kuona mapovu haithibitishi kitu, mapovu yanatoka hata hewa tupu ikipita.

Akianza, faida mtaijuaje? Msimuulize tu "unahema vipi", mtakata tamaa, kuhema kunaweza kubaki vile vile. Angalieni miguu kama imepungua kuvimba, kichwa cha asubuhi, usingizi, kumbukumbu, maabara damu imepungua uzito. Na mwezi wa 3 apimwe upya bila oksijeni, akiwa juu ya 90 anaachishwa. Kabla ya kusema haijasaidia, angalieni saa ya mashine. Nilienda nyumbani kwa mgonjwa mmoja ambaye watoto walikuwa wanalalamika hii kitu ni wizi, nikakuta mashine imesukumwa pembeni ya kabati, juu yake kitambaa cha kufuma na picha ya harusi, kichujio chekundu cha vumbi. Kimita cha mbele kilisoma masaa 214 kwa siku 90. Hiyo ni chini ya saa 2 na nusu kwa siku. Kelele zilikuwa zinawakosesha usingizi, basi, hakuna aliyesema. Tukaipeleka sebuleni, tukanunua mpira mrefu wa mita 10 ukapita chini ya mlango, mama akalala. Mpira tuliubana ukutani kwa misumari ya waya usije ukamwangusha mtu usiku.

Kwa wiki hii basi: daftari na SpO2 asubuhi na jioni. Mkiona anakaa 88 na chini siku zote 7, rudini kwa daktari aliyemtoa mumuombe awaandikie kiwango cha oksijeni ya muda na mkodi mashine. Aliyewahi kuugua TB na mapafu yamechafuka upya apimwe makohozi tena, isije ikawa imerudi na sisi tuko hapa tunabishana kuhusu mitungi. Na msingoje daftari kama midomo imekuwa ya bluu, hawezi kumaliza sentensi, anasinzia katikati ya maneno, ama namba imeshuka chini ya 85 na haipandi, hiyo ni hospitali usiku huo huo.

Kwa wiki ya 8, mkienda kupimwa, tokeni nyumbani mapema apumzike benchi kabla ya kipimo. Mtu aliyeshuka kwenye boda sasa hivi, amepanda ngazi na anagombana na foleni, atasoma 86 tena.